Tangazo la Kazi Kwenye Picha: Ligawe Mafungu Manne

Matangazo mengi ya ajira yanatufikia kwenye magrupu yakiwa picha, tena nyingine imekatwa chini. Mimi naanzia huko huko chini, maana mwisho wa kutuma maombi mara nyingi huandikwa hapo. Kama haupo, au 3 inafanana na 8, sibahatishi. Natafuta tangazo lenyewe kwenye tovuti ya mwajiri.

Kisha nachora safu nne: majukumu, sifa, nyaraka, tarehe. Vitenzi vinanielekeza. “Kusimamia” na “kuandaa” ni majukumu, “awe na” ni sifa, “aambatishe” ni nyaraka.

Kazi ipo pale sentensi moja inapobeba mambo mawili. Chukua nafasi ya mhandisi: “Awe na Shahada ya Uhandisi Ujenzi na awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi.” Hizo ni sifa mbili, maana “na” si “au”, ukikosa moja hujafikia. Kila sifa pia inadai ushahidi wake, kwa hiyo kwenye nyaraka naandika cheti cha shahada na cheti cha usajili, hata kama tangazo limesema tu “vyeti vya taaluma”.

Masharti ya jumla nayasoma neno kwa neno. Umri usiozidi miaka 45 unaenda kwenye sifa, cheti cha kuzaliwa kwenye nyaraka. Nakala zikitakiwa kuthibitishwa, kwenye safu ya tarehe naongeza siku ya kwenda kwa wakili, kabla ya ile ya mwisho.