Saa Mbili, Ishara Moja

Chipu ya kompyuta hufanya kazi kwa mapigo ya saa yake. Kila pigo likipiga, vijisakiti viitwavyo flipflopu husoma waya, 0 au 1, na kulishika jibu hadi pigo linalofuata. Sharti ni kwamba waya uwe umetulia kidogo kabla na baada ya pigo. Ishara inayotoka kwenye chipu nyingine yenye saa yake hailijui sharti hilo. Ipo siku itabadilika pigo linapopiga.

Hapo flipflopu hukwama. Ndani yake mna vigeuzi viwili vinavyolishana, na volti zikianguka katikati kabisa, hakuna upande unaomzidi mwenzake. Tofauti ndogo iliyopo hukua taratibu hadi upande mmoja ushinde, lakini hakuna muda maalumu wa kungoja. Wakati huo sehemu moja ya chipu huweza kusoma 0 na nyingine 1 kwenye waya uleule. Mwaka 1973 Thomas Chaney na Charles Molnar, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, walichapisha picha za osiloskopu zilizoonyesha hali hiyo.

Tuseme saa hupiga kila nanosekunde 10, ishara hubadilika mara milioni moja kwa sekunde, na kipindi cha hatari ni nanosekunde 0.1. Badiliko moja katika kila mia litaangukia humo: mara 10,000 kwa sekunde. Tuseme pia kwamba kila nanosekunde 0.2 zikipita, flipflopu zilizobaki zimekwama hupungua hadi kama asilimia 37. Sakiti inayofuata ikiacha nanosekunde 2 tu za kungoja, hitilafu hupenya kila baada ya sekunde 2 hivi.

Dawa ni kuweka flipflopu ya pili nyuma ya ya kwanza, karibu nayo, bila sakiti nyingine kati yao. Sasa ya kwanza hupata karibu mzunguko mzima, tuseme nanosekunde 9, kabla haijasomwa. Hitilafu moja sasa huja kwa wastani wa zaidi ya miaka milioni 100. Gharama yake ni kuchelewa kwa pigo moja au mawili. Saa ikiwa ya kasi zaidi, muda huo husinyaa, na huenda ikahitajika flipflopu ya tatu.

Lakini kinga hii ni ya waya mmoja. Hesabu ikitoka 7 kwenda 8, yaani 0111 kwenda 1000, waya zote nne hubadilika. Baadhi zikiwahi na nyingine zikichelewa, upande wa pili husoma hata 15. Kosa hilo huja kwa nadra na halijirudii ukilitafuta, na majaribio ya kawaida ya programu za uigaji hayalioni. Ndiyo maana hesabu za namna hiyo huvushwa kwa msimbo wa Gray, ambamo kila hatua hubadilisha waya mmoja tu: anayesoma katikati ya badiliko atapata namba ya zamani au mpya, basi.