Mzigo Umefika, Lakini Saa Ngapi?

Ijumaa jioni kampuni ya kusambaza vifurushi inamtumia mwenye duka ripoti ya wiki. Juu kabisa imeandikwa kwa herufi nene: mizigo iliyofika kwa wakati, asilimia 90. Mwenye duka anaisoma mara mbili, kwa sababu wiki nzima simu yake haikutulia kwa wateja wanaouliza mzigo uko wapi. Anafungua kumbukumbu zilezile ambazo kampuni imezitumia, anapiga hesabu yake, anapata chini kidogo ya 79.

Hakuna aliyedanganya. Kilichotofautiana ni kanuni: mzigo upi unahesabiwa, unahesabiwa wiki gani, na neno "umefika" lina maana gani pale sanduku moja kati ya matano linapobaki ghalani.

Duka hili ni la kubuni, ila yanayolipata ni ya kila siku. Lipo Kariakoo, linauza vipodozi kwa jumla, na vijana wa bodaboda wa kampuni hiyo ndio wanaopeleka mizigo kwa wateja wa Dar es Salaam. Ahadi yake ni rahisi. Anayeagiza kabla ya saa 6 mchana anapata mzigo siku hiyohiyo, mwisho saa 12 jioni. Anayeagiza baada ya hapo anaupata kesho yake, mwisho saa 6 mchana. Wiki hiyo oda 240 zilikuwa na ahadi ya kufika. Kati ya hizo, 186 zilifika kamili ndani ya muda na 21 zilifika kamili lakini kwa kuchelewa. Oda 12 zilifika nusunusu, kipande cha kwanza ndani ya muda. Oda 15 ziligonga mwamba: kijana alirudi na mzigo. Sita zilizobaki zimeandikwa "njiani" mpaka leo.

Kampuni ilipataje 90? Ilianza kwa kuondoa oda 15 zilizoshindikana na zile sita za njiani, kwa hoja kwamba mzigo ambao haujafikishwa hauwezi kupimwa kama uliwahi au ulichelewa. Zikabaki 219. Kisha kila oda iliyofika nusunusu ikahesabiwa kuwa imewahi, kwa kuwa mfumo unaangalia tukio la kwanza la kukabidhi. Kwa hiyo 186 na 12 ni 198, nayo 198 ukiigawa kwa 219 unapata asilimia 90.4. Hesabu ni sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba mizigo iliyoharibika zaidi ndiyo iliyotolewa kwenye hesabu, hivyo kadiri kampuni inavyoshindwa kabisa kufikisha mizigo, ndivyo asilimia yake isivyoguswa.

Dawa yake ni kuanza na orodha ya ahadi. Kila oda ambayo muda wake wa kufika unaangukia wiki hiyo inaingia kwenye hesabu, iwe imefika, imerudi au imepotea, na idadi hiyo ndiyo asili, yaani namba ya chini ya mgawanyo. Oda iliyoandikwa "njiani" huku muda wake umepita imeshachelewa tayari. Hakuna haja ya kusubiri ifike ndipo ihukumiwe. Ripoti inayopangwa kwa tarehe ya kukabidhi ina hila ya kimyakimya: mzigo wa Jumatatu uliofika Jumatano ya wiki inayofuata unahamia wiki nyingine, na ule usiofika kamwe hauonekani popote.

Kuchelewa nako kunahitaji kanuni iliyonyooka, na swali la kwanza ni kuchelewa kulingana na ahadi ipi. Mifumo mingi ya usambazaji ina nafasi moja tu ya "muda wa kufika", na mtu wa ofisini akiona kijana amekwama kwenye foleni anaubadilisha. Saa 12 jioni inakuwa saa 4 asubuhi ya kesho, mzigo unafika saa 3, na kompyuta inauandika kuwa umewahi. Kwa hiyo ahadi ya kwanza iwe na safu yake isiyofutwa, na ahadi mpya iandikwe pembeni pamoja na jina la aliyeomba mabadiliko. Mteja mwenyewe akiomba mapema aletewe kesho, kabla kijana hajaondoka dukani, ni haki ahadi mpya ndiyo itumike. Ofisi ikibadilisha kwa manufaa yake, ahadi ya kwanza inabaki.

Halafu kuna saa yenyewe, na hapa Afrika Mashariki ina matatizo yake. Kijana anayejaza karatasi kwa mkono huandika 2:15 akimaanisha saa mbili na robo usiku. Karani anaiingiza kama ilivyo, na kompyuta inaelewa usiku wa manane. Kosa hilo hujitangaza lenyewe, maana mzigo unaonekana umemfikia mteja kabla haujatoka dukani. La hatari zaidi ni la seva. Seva nyingi hutunza saa ya dunia, UTC, ambayo iko nyuma ya saa ya Dar es Salaam kwa saa tatu. Anayepakua kumbukumbu bila kuirekebisha ataona mzigo uliofika saa 2 usiku umefika saa 11 jioni, na mchelewaji anageuka mwaminifu. Njia ya haraka ya kulibaini ni kutazama saa za kuchukua mizigo: duka likifunguliwa saa 2 asubuhi, na kumbukumbu zikaonyesha vifurushi vya kwanza vilichukuliwa saa 11 alfajiri, saa hizo hazijarekebishwa.

Vijana nao wana mazoea yao. Wapo wanaobonyeza "imekabidhiwa" kwa mizigo yote jioni wanapopata bando, na wapo wanaobonyeza wakiwa bado njiani ili muda usiwapite. Alama zake zinajulikana. Mizigo saba ya mitaa tofauti inakabidhiwa ndani ya dakika moja, au lundo kubwa la makabidhiano linajazana kati ya saa 11:50 na saa 12 jioni na baada ya hapo kimya. Programu inayohifadhi saa ya kubonyeza, saa ya ujumbe kufika kwenye seva na mahali simu ilipokuwa humaliza ubishi mwingi.

Oda zilizofika nusunusu ndizo huzua ugomvi mkubwa kuliko zote. Mwenye saluni aliyeagiza katoni tano akapata nne ana mzigo mkononi, lakini kama ya tano ndiyo yenye dawa ya nywele aliyoahidi wateja wake, kwake oda haijafika. Wengine hushauri kumpa msambazaji alama nne kwa tano. Hesabu hiyo inafaa ghalani, mtu anapotaka kujua katoni ngapi zimetembea, lakini ikiingizwa kwenye asilimia ya kufika kwa wakati inaficha idadi ya wateja walioachwa wakisubiri. Kanuni iliyo safi zaidi husema oda imefika pale kipande cha mwisho kinapokabidhiwa, na saa ya kipande hicho ndiyo ya kuhukumu. Katika zile 12, oda tatu zilikamilika kabla ya muda kuisha, kwa hiyo zimewahi. Tisa zilikamilika baadaye, kwa hiyo zimechelewa.

Hata hivyo si kila upungufu ni wa bodaboda. Katika zile tisa, nne zilitoka dukani zikiwa pungufu: mfungaji hakuwa na bidhaa, akatuma alichonacho. Hilo linajulikana tu iwapo idadi ya vipande iliandikwa na kusainiwa wakati kijana anapokea mzigo, na si wakati anaukabidhi. Bila saini hiyo, kila upande utausukumia mwenzake.

Zikaja zile 15 zilizoshindikana. Sababu iliyoandikwa kwa karibu zote ni moja: "mteja hapatikani". Ni sababu nyepesi kuliko zote kwa kijana aliyechoka, kwa kuwa hakuna wa kuipinga mara moja. Kanuni ya haki inadai ushahidi: simu ilikuwa eneo la mteja ndani ya muda wa ahadi, na mteja alipigiwa mara mbili au zaidi kwa namba iliyo kwenye oda. Yakithibitika yote mawili, kosa ni la mteja. Likikosekana hata moja, ni la msambazaji. Katika oda 15, tano tu ndizo zilizopita mtihani huo. Na mzigo uliorudi kisha ukafika kesho yake usifute rekodi ya jana. Posta za dunia hufanya hivyo kwenye huduma ya EMS: jaribio lililoshindikana lina alama yake, EMH, na makabidhiano ya mwisho yana yake, EMI, kila moja na saa yake, na kifurushi kimoja huweza kubeba zote mbili.

Sasa hesabu ya mwenye duka. Zilizowahi ni 186 na zile tatu, jumla 189. Zikigawanywa kwa oda zote 240, ni asilimia 78.8. Hiyo ndiyo namba ya mteja: inaonyesha ahadi ya duka ilitimizwa kwa kiasi gani, bila kujali nani alikosea. Kwa ajili ya kumdai msambazaji inahitajika namba ya pili. Hapo zinaondolewa oda tano za wateja wasiopatikana kwa ushahidi na nne zilizotoka dukani pungufu, zinabaki 231, na 189 kwa 231 ni asilimia 81.8. Namba zote mbili ziwekwe kwenye karatasi moja, kila moja na idadi yake halisi pembeni, na zile tisa zilizoondolewa ziorodheshwe moja moja.

Uingereza wana mfano wa hadharani. Shirika la posta la huko, Royal Mail, lilitakiwa kufikisha asilimia 93 ya barua za daraja la kwanza siku ya kazi inayofuata. Katika mwaka wa 2022/23 lilifikisha 73.7. Msimamizi wa sekta, Ofcom, alikubali kuondoa athari za migomo, hali mbaya ya hewa na kufungwa kwa njia ya ndege katika uwanja wa Stansted. Namba ikapanda hadi 82, bado chini ya lengo, na Novemba 2023 shirika likatozwa faini ya pauni milioni 5.6. Visingizio vilipimwa na namba zote mbili zikatangazwa, ndiyo maana yeyote aliweza kuona msamaha umechangia kiasi gani.

Kwa mwenye duka anayepokea asilimia 90 Ijumaa hii, hatua ya kwanza ni kumwandikia msambazaji aulete mkusanyiko wa oda zote zilizokuwa na ahadi ya wiki hiyo, zikiwemo zilizorudi na zilizo "njiani", pamoja na saa ya ahadi ya kwanza. Kanuni za kuchelewa, upungufu na kushindikana ziingizwe kwenye mkataba kabla ya mwezi kuanza, maana zikijadiliwa baada ya ripoti kutoka, kila upande utachagua kanuni inayompendelea.