Kwa Nini Picha ya Kuunganisha Huumbuka Kwenye Skrini ya Mwenzio

Familia imepiga picha ya pamoja studio, Dar es Salaam, lakini kaka mkubwa yuko Muscat. Anatuma picha aliyopigwa kwa simu, amevaa suti nyeusi, na fundi wa studio anamkata na kumpandikiza mstari wa nyuma, pembeni ya mjomba. Kwenye kompyuta ya studio kaka amekaa vizuri, utadhani alikuwepo. Picha ikishaingia kwenye kundi la WhatsApp la familia, wenye simu zenye kioo kizuri wanaona jambo jingine: suti ya kaka ni shimo jeusi, na suti za wenzake zina weusi uliofifia wenye uhudhurungi kidogo. Shangazi ndiye wa kwanza kuuliza kama huyu amebandikwa.

Fundi alikata vizuri. Kilichomponza ni skrini, pamoja na dirisha lililo nyuma ya kiti chake.

Kila nukta ya picha ya kidijitali hubeba namba tatu, za wekundu, ukijani na ubuluu, kuanzia 0 hadi 255. Tuseme suti za studio, pale penye giza zaidi, zina namba 18 kwa wekundu, 15 kwa ukijani na 12 kwa ubuluu, kwa sababu taa za studio hutawanyika kidogo ndani ya lenzi na kuupunguza weusi. Suti ya kaka ina 4 kote, maana programu ya kamera ya simu inaweza kuongeza giza kwenye vivuli. Kwa namba, 18 na 4 zinaonekana jirani. Kwa mwanga ni tofauti kubwa. Skrini ambayo nyeupe yake inatoa niti 100 (niti ni kipimo cha mwanga unaotoka kwenye uso wa kioo) itaonyesha 18 kwa niti 0.6 hivi, na 4 kwa niti 0.12. Moja ni karibu mara tano ya nyingine, na jicho lililo kwenye chumba chenye mwanga hafifu huiona tofauti hiyo.

Sasa fungua dirisha. Mwanga wa mchana wa kawaida ofisini, ukiangukia kioo kisichong'aa, hurudisha niti 3 hivi, nazo hujilaza juu ya kila kitu kilichopo kwenye skrini. Weusi wa kaka unakuwa niti 3.1, wa wenzake 3.6. Tofauti ya mara tano imemezwa, na fundi anaona nyeusi moja tu. Ndiyo maana mtu anayeunganisha picha huanza na chumba kabla ya kugusa skrini. Geuza meza ili dirisha lisiwe mgongoni wala mbele yako, weka pazia zito, na taa ya chumba ielekee ukutani, isipige kioo. Ukuta unaouona nyuma ya skrini uwe wa kijivu au mweupe. Jicho hujizoesha rangi inayolizunguka: ukikaa mbele ya ukuta wa kijani kibichi utaanza kupunguza wekundu kwenye nyuso za watu bila kujijua.

Baada ya hapo ndipo skrini. Iwashe nusu saa kabla ya kuipima, kwa sababu mwanga wake hubadilika inapopata joto. Zima kila kinachojirekebisha chenyewe: kuokoa umeme, utofautishaji unaojibadilisha, na ule umanjano wa usiku wa kupumzisha macho. Kisha shusha mwangaza. Skrini nyingi hutoka kiwandani zikiwa kali, niti 250 au zaidi, kwa sababu dukani inayowaka sana ndiyo inayovutia mnunuzi. Anayefanyia kazi kwenye ukali huo huridhika mapema kuwa picha ina mwanga wa kutosha, na kwa wengine inafika ikiwa na giza. Wanaoumia kwanza ni watu weusi kama sisi: ngozi zetu hukaa kwenye namba za chini na za kati, na picha ikizama kidogo tu, mstari wa taya na kina cha macho hupotea. Kwa chumba chenye mwanga hafifu, lenga niti 100 hadi 120. Kama huna kipimo, fungua ukurasa mweupe mtupu, shika karatasi nyeupe kando ya skrini kwenye mwanga wa chumba hichohicho, kisha shusha mwangaza mpaka ukurasa uache kuonekana kama taa. Ni makadirio, lakini ni bora kuliko kukubali mpangilio wa dukani.

Njia ya uhakika ni kifaa cha kupimia rangi, kidude kinachoning'inizwa juu ya kioo na kuunganishwa na kompyuta. Programu kama DisplayCAL, ambayo ni ya bure, huonyesha mabaka ya rangi moja baada ya jingine na kifaa huyasoma. Lengo la kazi za simu na mtandao ni weupe unaoitwa D65, wenye ubaridi wa mchana wa mawingu, na gama 2.2, yaani jinsi mwanga unavyopanda kutoka 0 hadi 255. Mwishoni unapata profaili, faili inayoeleza skrini hiyo moja ilivyo. Hapa wengi hukosea: profaili ya skrini ni ya skrini, haipaswi kupachikwa kwenye picha. Picha inayokwenda kwa watu igeuzwe kuwa sRGB, kipimo kilichobuniwa na HP na Microsoft mwaka 1996, ambacho simu na vivinjari hukichukulia kuwa ndicho pale picha isipojieleza. Ukituma picha iliyo kwenye Adobe RGB, na programu inayoipokea haisomi profaili, gauni jekundu la bibi harusi litafika limepauka.

Hata skrini ikishasawazishwa, usiamini jicho kwa vivuli. Wanaounganisha picha za sinema wana hila ambayo studio ya mtaani inaweza kuiiga bila gharama. Ndani ya Photoshop, weka leya ya Levels juu ya zote na usogeze kitufe cha katikati kutoka 1.00 hadi 3.00. Picha itatisha, ila angalia suti: 18 imekuwa 105 na 4 imekuwa 64. Kaka aliyebandikwa sasa anaonekana hata kwenye kompyuta mpakato ya bei nafuu. Weka Levels nyingine inayomgusa kaka peke yake, na kwenye Output Levels pandisha mwisho wa kushoto kutoka 0 hadi 14 kwa wekundu, 11 kwa ukijani na 8 kwa ubuluu. Weusi wake utapanda kufikia 18, 15 na 12, na nyeupe itabaki ilipokuwa. Ukiona sawa, futa ile leya ya ukaguzi kabla ya kuhifadhi.

Kilichobaki hakiko mikononi mwako. Mjomba anayetazama kwenye simu yenye kichujio cha manjano, juani, hataona ulichokiona. Skrini za bei rahisi za ofisini hugeuza vivuli ukizitazama kutoka chini, na projekta ya ukumbi wenye taa humeza weusi wote. Lakini skrini hizo huwabadilisha watu wote waliomo kwenye picha kwa pamoja. Kaka akishalinganishwa kwa namba, atapauka pamoja na wenzake na kuwa na giza pamoja nao, na shangazi hatakuwa na cha kuuliza.