Simu Isiyokubali Kupiga

Ndoto hii ina sura nyingi lakini mkasa wake ni uleule. Nyumba inaungua, au mtoto hajarudi, au basi limekuacha mahali usipopajua, na mkononi una simu. Unabonyeza sifuri, saba, halafu kidole kinaangukia tano badala ya nne. Unafuta, unaanza upya. Safari hii tarakimu zimebadilishana nafasi. Unafuta tena, na sasa kioo kimezimika, au ile simu imegeuka ya plastiki ya kuchezea watoto. Unaamka moyo ukidunda, mkono ukipapasa chini ya mto.

Patricia Garfield, mwanasaikolojia wa Marekani aliyetumia miaka mingi kukusanya ndoto za watu wa nchi mbalimbali, aliiweka simu au mashine inayogoma miongoni mwa maudhui 12 yanayojirudia zaidi duniani, katika kitabu alichokitoa mwaka 2001. Vifaa hubadilika na ndoto huvifuata. Waliozoea simu za mezani za kuzungusha husimulia kidole kinachochopoka tunduni kabla gurudumu halijafika mwisho, na vijana wa leo husimulia kioo kisichosikia kuguswa. Vitabu vya taabiri vinavyouzwa kwa jina la Ibn Sirin, mwanazuoni wa Basra aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 8, havingeweza kuwa na simu, lakini wapiga ramli wa sasa hawakosi la kusema: simu isiyoshika ni ugomvi, ni safari iliyoharibika, ni mtu anayekufanyia hila. Mimi naona majibu hayo yanaruka swali la kwanza. Kabla ya kuuliza ndoto inatabiri nini, inafaa kuuliza kwa nini kitendo hiki hasa, kubonyeza namba kwa mpangilio, ndicho kinachoshindikana.

Tazama kazi iliyomo. Namba ya simu ya mkononi ya Tanzania ina tarakimu 10. Unatakiwa uishike yote kichwani, ujue umefika ya ngapi, uipate inayofuata kwenye kioo, uibonyeze, uhakikishe umebonyeza hiyo, kisha usogee mbele bila kusahau lengo. Ukiwa macho kazi hiyo huisha kwa sekunde chache, kwa hiyo tunaiona ya kitoto. Kumbe inategemea uwezo wa ubongo kushika mambo machache kwa muda mfupi na kuyapanga, na uwezo huo ndio unaodhoofika sana tunapoota.

Mwaka 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walitangaza kwamba usingizi una kipindi ambapo macho hukimbia huku na huku chini ya kope, na waliowaamsha katika kipindi hicho mara nyingi walikuwa na ndoto ya kusimulia. Kipindi hicho hurudi takriban kila baada ya dakika 90. Usiku wa manane huwa kifupi, na kuelekea alfajiri hurefuka. Ndiyo maana ndoto za namna hii, zenye visa virefu, hutukuta zaidi saa kumi au kumi na moja za alfajiri, na tunaamka nazo zikiwa mbichi.

Katika miaka ya 1990 watafiti walipopiga picha za ubongo wa watu waliolala, waliona katika usingizi huo sehemu ya mbele, ile iliyo nyuma ya pande mbili za paji la uso, imepunguza kazi. Hiyo ndiyo inayotusaidia kupanga hatua na kukagua makosa. Amigdala, kiini kidogo kilicho ndani kabisa na kinachohusika na hofu, ilikuwa imechangamka. Kwa maneno mengine, king'ora kinalia kwa sauti ya juu na karani wa zamu amesinzia.

Namba zina shida yake ya ziada. Tukiwa macho, tarakimu nne hubaki nne kwa sababu iko pale kwenye kioo, na kila tukiitazama inaleta picha ileile. Ndotoni hakuna kioo. Picha inatengenezwa na ubongo wenyewe, na ukigeuza macho kisha ukarudi, inatengenezwa upya bila kitu cha nje cha kuifananisha nacho. Sura ya mama inastahimili kutengenezwa upya, maana hata ikikosewa kidogo bado ni mama. Tarakimu haistahimili hivyo: tano iliyokosewa kidogo si tano. Ernest Hartmann, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, alichapisha mwaka 2000 utafiti wa watu wanaokumbuka ndoto mara nyingi, na karibu wote walisema ni nadra mno kuota wakisoma, wakiandika au wakifanya hesabu, ingawa mchana walizifanya kazi hizo kwa saa nyingi. Wanaojizoeza kutambua kwamba wanaota huutumia udhaifu huohuo kama kipimo: husoma maandishi, hutazama pembeni, husoma tena. Yakibadilika, wanajua wamelala.

Si kwamba hesabu haiwezekani kabisa usingizini. Mwaka 2021 maabara nne, za Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi, zilitoa ripoti ya pamoja kuhusu watu walioulizwa maswali wakiwa katikati ya ndoto huku wakijua kwamba wanaota. Mmoja wao, kijana wa Marekani mwenye miaka 19, aliulizwa nane kutoa sita ni ngapi, naye akajibu kwa kupeleka macho kushoto na kulia mara mbili. Jibu lilitoka usingizini likapokelewa. Lakini kwa ujumla, chini ya swali moja kati ya matano ndilo lililopata jibu sahihi, na hao walikuwa watu waliojiandaa, wasio na nyumba inayoungua mbele yao.

Hapa ndipo hofu inapoingia, na kwangu hii ndiyo sehemu yenye uzito zaidi. Mchana, ukiogopa kwamba simu haitashika, hofu yako haigusi mnara wa mtandao. Simu itashika au haitashika kwa sababu zake. Ndotoni hakuna mnara. Wazo la "nitakosea" na tukio la kukosea vinatoka chungu kimoja, kwa hiyo wazo likishachomoza, tukio linalifuata. Kosa la kwanza huenda limeletwa na ule ulegevu wa kushika tarakimu. La pili na la tatu huletwa na woga uliozaliwa na la kwanza. Wengine hueleza jambo hili kwa kupooza kwa misuli, maana katika usingizi wa ndoto mwili hulegezwa usitembee. Nadhani maelezo hayo yanawafaa zaidi wanaoota wanakimbia bila kusogea. Mwenye simu vidole vyake vinakwenda vizuri tu, vinakwenda pasipotakiwa.

Ulegevu wa tarakimu unaeleza kwa nini simu inagoma. Hauelezi kwa nini ulikuwa unampigia huyo na si mwingine. Ndoto haihitaji simu ili kukukutanisha na mtu: ukimfikiria, mara nyingi anatokea papo hapo, hata aliye ng'ambo, hata aliyefariki. Kwa hiyo simu inapojitokeza, umbali kati yenu tayari umo ndani ya kisa.

Tuchukue mfano. Dada mmoja anafanya kazi za nyumbani Maskati, mama yake yuko Tanga na ana shinikizo la damu. Huzungumza Ijumaa, siku yake ya mapumziko. Ijumaa hii mama amesema "sijambo, mwanangu" kwa sauti nzito, na binti, kwa kuwa tajiri wake alikuwa akimwita, hakupata nafasi ya kuuliza zaidi. Usiku wa Jumapili anaota anapiga. Ni namba ndefu zaidi, maana ng'ambo huanza na 255, na kila akifika katikati anapotea. Mwishowe simu inashika, na sauti ya kinanda inamwambia namba anayopiga haipatikani kwa sasa. Anaamka akiamini kuna msiba.

Ukimwuliza alichokiogopa ndotoni, hatasema mtandao. Atasema: nilikuwa na la kumwambia, nikachelewa. Lile swali ambalo hakuliuliza Ijumaa ndilo lililovaa sura ya tarakimu. Ndoto haikupata habari yoyote kutoka Tanga, bali ilitumia alichokuwa nacho mwenyewe, yaani sauti nzito na mazungumzo yaliyokatika. Asubuhi akipiga na kumkuta mama anakoroga uji, ndoto haikudanganya kuhusu alichokuwa anakihofia. Na akimkuta mgonjwa, haikutabiri, kwa sababu sauti aliyoisikia Ijumaa ilikwisha kumwambia. Hesabu pia ndoto zilizosahaulika. Usiku ambao simu ndotoni ilishika na mkacheka, huamki nao.

Ndoto ikirudi mara nyingi, ipo njia ambayo madaktari wa usingizi huipendekeza, nayo hufanyika mchana. Barry Krakow na wenzake waliijaribu kwa wanawake wa Marekani waliokuwa na majinamizi baada ya kubakwa, na matokeo yao ya mwaka 2001 yalionyesha majinamizi yakipungua. Mtu huiandika ndoto kama ilivyo, kisha huibadilisha vyovyote apendavyo, halafu huipitia ile mpya akilini kwa dakika 10 hadi 20 kila siku akiwa macho. Yule dada anaweza kuamua kwamba baada ya tarakimu ya nne anaiweka simu chini, anafungua mlango, na mama ameketi barazani. Hahitaji kuilazimisha namba ikubali. Kwa yale tuliyoyaona, kubadilisha njia huenda kukawa rahisi kuliko kushindana na tarakimu.

Njia hiyo ina mipaka. Mtu aliyewahi kupiga simu ya kweli kuomba msaada na msaada usifike, kisha akaota tukio hilohilo usiku baada ya usiku, akaanza kuogopa kulala au kushtuka kila simu inapolia, anahitaji kukaa na daktari au mshauri nasaha, asijitibu peke yake kwa daftari. Aende pia na orodha ya dawa anazotumia. Propranololi, inayotolewa kwa moyo na shinikizo la damu, inaweza kuleta ndoto kali, na hata meflokwini ya kukinga malaria. Efavirenzi, iliyotumiwa kwa miaka mingi na watu wanaoishi na virusi vya ukimwi, ilijulikana sana kwa hilo. Asiiache dawa kwa uamuzi wake. Amwambie daktari ndoto zilianza lini na dawa ilianza lini, na saa anayoinywa.