Mama mwenyekiti anaposimama mbele ya maofisa mikopo

Siku maofisa mikopo wanapokuja kukitembelea kikundi cha kuweka na kukopa, mambo huenda kwa namna ileile kuanzia Namanga hadi Mutukula. Viti vya plastiki vinafutwa vumbi, wageni wanaketishwa mbele, sala inasomwa, kisha katibu anamkaribisha mwenyekiti ajitambulishe na kuwasalimu wageni. Makofi yanapigwa. Mama anasimama, anaweka sawa kanga yake, anaanza kushukuru.

Wanachama wengi huamini kazi yenyewe itaanza baadaye, fomu zitakapotolewa. Sivyo. Ofisa mwenye uzoefu anaanza kuandika tangu mama anapotamka jina lake, na dakika tano zile za salamu huweza kuamua kama kikundi kitapewa mkopo, kiasi gani, na kwa masharti yapi. Uzito wake ni kwamba mkopo wa kikundi ni deni la wote: mmoja akishindwa, wenzake wanalipa, na mara nyingi akiba yao ndiyo inayoguswa kwanza.

Chukua mfano wa kikundi cha wanawake 24 wa Namanga, upande wa Longido. Wanapeleka maharage na vitunguu kwa wanunuzi wa Kajiado na Nairobi, na wakirudi wanabeba ndoo, mabeseni na sabuni. Hisa yao ni Sh5,000 za Tanzania, na kila mwanachama hununua hisa moja hadi tano kwa wiki. Wako wiki ya 30 ya mzunguko wa wiki 52. Tarakimu hizi ni za mfano tu, ila hesabu zake ndizo zinazopigwa vikaoni.

Mwenyekiti asiyejiandaa husema hivi: "Mimi ndiye mwanzilishi wa kikundi hiki. Nina akina mama wangu 24, wananisikiliza sana. Tuna milioni 12 kwenye sanduku, hatuna tatizo lolote. Mkituletea hata milioni 20 tutazimudu."

Ni maneno ya furaha, na makofi yatapigwa. Lakini ofisa ameshasikia mambo matatu yanayomtia shaka. Kwanza, "nina akina mama wangu" inaashiria kikundi cha mtu mmoja, ambacho mwenye nacho akiugua au akihama kinasambaratika. Pili, kikundi chenye milioni 12 zilizolala sandukuni hakikopeshani, na kama hakikopeshani chenyewe, mkopo wa nje ni wa nini? Tatu, hakuna kikundi cha wafanyabiashara wa mpakani kisicho na rejesho lililochelewa. Anayesema hana tatizo lolote ama hasomi daftari lake, ama anaficha.

Kuna na la nne, ambalo ofisa hatalisema: ametajiwa kiasi cha fedha taslimu mbele ya watu ambao baadhi yao wanapita njia tu. Mahali sanduku linapolala na jina la anayelitunza si vitu vya kutangazwa kwenye salamu.

Mwenyekiti aliyejiandaa hutumia maneno machache zaidi. Anataja jina lake, biashara yake, na kwamba alichaguliwa na wenzake kwa kura, lini, na muda wake unakwisha lini. Kisha anawatambulisha wenzake wa uongozi: katibu, mweka hazina, wahesabu fedha, na washika funguo watatu. Utaratibu wa sanduku lenye kufuli tatu umeenea pamoja na vikundi hivi tangu shirika la CARE lilipoanza kuwasaidia wanawake wa Niger mwaka 1991, na maana yake bado ni ileile: anayetunza sanduku hana ufunguo, na mwenye ufunguo mmoja hawezi kulifungua peke yake. Hapo ofisa anaelewa, bila kuambiwa, kwamba mwenyekiti si kikundi.

Baada ya hapo zinakuja hesabu, na hapa ndipo wengi hujikwaa kwa kuchanganya mafungu. Katika mfano wetu, wanachama wamenunua hisa 2,160 ndani ya wiki 30, sawa na Sh10.8 milioni. Riba na faini zimeleta Sh1.3 milioni. Jumla ni Sh12.1 milioni. Katika hizo, Sh9.4 milioni ziko mikononi mwa wanachama 17 waliokopa, na Sh2.7 milioni hazijakopeshwa. Mfuko wa jamii, ule wa msiba na ugonjwa, una Sh210,000 na hauingii kwenye hesabu hiyo hata kidogo, kwa sababu si fedha za kukopesha.

Mbele ya hadhara anaweza kusema tu kwamba akiba ni zaidi ya milioni kumi na sehemu kubwa imekopeshwa, kisha tarakimu kamili azionyeshe kwenye daftari wakishakaa mezani. Muhimu ni kwamba anachosema na kilichoandikwa visigongane.

Maofisa wana namna ya kupima hilo. Katika vikundi vingi, kikao kinapofungwa salio hutangazwa kwa sauti na wanachama hulikariri, na kikao kinachofuata hufunguliwa kwa kuliuliza tena kabla fedha hazijahesabiwa. Ofisa anayejua utaratibu huu hamuulizi mwenyekiti. Anamgeukia mama aliyekaa nyuma kabisa, mwenye mtoto mgongoni: "Mama, wiki iliyopita mlifunga na shilingi ngapi?" Akijibu sawasawa, kikundi kimepata sifa ambayo hotuba haiwezi kuileta. Akimtazama mwenyekiti ili asaidiwe, kalamu inafanya kazi.

Linafuata la mikopo iliyochelewa. Tuseme wanachama wawili wamepitisha zaidi ya siku 30 na bado wanadaiwa Sh900,000. Ukigawa kwa Sh9.4 milioni zilizoko nje, ni kama shilingi kumi katika kila mia. Wakopeshaji wengi hupenda kiwango hicho kisizidi tano, na kikifika kumi wanaanza kuingiwa na wasiwasi. Kishawishi cha kunyamaza ni kikubwa, lakini kunyamaza ni kosa, kwa kuwa daftari litasema tu.

Afadhali mwenyekiti alitaje mwenyewe, tena pamoja na sababu. Mfanyabiashara wa mpakani ana sababu ambazo mkulima au fundi cherehani hana. Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, magari yalikwama mpakani. Zuio liliondolewa baada ya siku chache, tena kwa masharti, ila kwa mama ambaye mtaji wake wote ulikuwa ndani ya gari, siku chache zilitosha. Nyanya na vitunguu navyo havingoji karatasi. Mwenyekiti akisema, "Wenzetu wawili wamechelewa. Mmoja mzigo wake ulioza njiani, tumempangia alipe kidogo kidogo na ameshaanza. Mwingine hajaanza, kamati inamfuatilia," ofisa hamhesabii hilo kama aibu. Anaona kikundi kinachojua nani anadaiwa na kinachofanya nini juu yake.

Kwa wanaouza ng'ambo kuna jambo la sarafu, ambalo halimo kwenye hotuba nyingi. Mkopo utakuwa wa shilingi za Tanzania na utalipwa kwa hizo hizo, ilhali mauzo ni ya shilingi za Kenya. Kwa mfano, mama akiuza mzigo wa Sh100,000 za Kenya wakati shilingi moja inabadilishwa kwa 20 za Tanzania, anapata Sh2 milioni. Akikuta imeshuka hadi 19, anapata Sh1.9 milioni. Ile Sh100,000 inatoka kwenye faida yake, na rejesho linabaki palepale. Sentensi moja tu inatosha: "Sisi tunauza Kenya, fedha zetu zinarudi baada ya wiki mbili au tatu." Kwa sentensi hiyo ofisa anajua kwamba rejesho la kila wiki halitawafaa, na kwamba la kila mwezi lina nafasi.

Vilevile ataje usajili. Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi hivi katika daraja la nne na vinatakiwa kusajiliwa. Kenya ina sheria yake ya usajili wa vikundi vya jamii, ya mwaka 2022. Kama kuna wanachama wa ng'ambo, ni vizuri kusema mapema, maana ofisa ataomba vitambulisho na mambo yakijulikana mwishoni huonekana kama hila.

Lakini jambo ambalo mwenyekiti hapaswi kulisahau kabisa ni tarehe ya mgao. Kikundi kiko wiki ya 30. Wiki ya 52 sanduku linafunguliwa, kila mtu anachukua hisa zake na faida, na asiyetaka kuendelea anaaga. Sasa tuseme mkopeshaji anatoa Sh10 milioni za kulipwa kwa awamu 12 za mwezi mmoja mmoja. Wiki ya 52 ikifika, awamu tano zitakuwa zimelipwa na saba zimebaki, yaani takribani Sh5.8 milioni za mtaji, ukiacha riba. Wenye haraka wataondoka na fungu lao. Waliobaki watabaki na deni la walioondoka. Au mkopeshaji atazuia mgao, na mama aliyekuwa akingoja fedha hizo alipe ada ya shule Januari atajua siku hiyo kwamba akiba yake ilikuwa dhamana. Ugomvi wa namna hiyo umevunja vikundi vilivyokuwa na daftari safi.

Dawa yake si ngumu. Mwenyekiti anapojitambulisha anasema: "Mgao wetu ni wiki ya 52, na katiba yetu hairuhusu deni la nje lipite hapo." Kutokana na hilo yanabaki mawili: mkopo mdogo wa miezi minne, unaokwisha wiki kadhaa kabla ya mgao, au kungoja mzunguko mpya uanze, wanachama wakishajulikana ni nani na nani.

Pia asiahidi kiasi. Mkutano mkuu ndio unaoamua kukopa, na mwenyekiti anayetaja milioni 20 mbele ya wageni amewafunga wenzake mdomo, kwa sababu nani atasimama ampinge mbele za watu? Aseme amekuja kuwasalimu na kusikiliza, na jibu litatoka kikaoni.

Mwisho, utambulisho ni wa pande mbili. Katika miji ya mpakani mikopo ya kausha damu huja na fulana zenye nembo na tabasamu kama mkopo mwingine wowote. Mama akishamaliza kujieleza ana haki ya kuwageukia wageni na kuwaomba, kwa adabu, leseni ya taasisi yao, riba wanayotoza na namna inavyohesabiwa, kwa salio linalopungua au kwa mkopo wote tangu mwanzo. Kwa mkopo uleule na asilimia ileile, njia hizo mbili hazitoi deni moja, na katibu aandike jibu kabla chai haijaletwa.