Mtoto ana homa Italia: “pesa” anayoulizia mfamasia si hela

Mama mmoja Mtanzania ametuandikia kutoka Roma. Alimfuata mumewe anayesoma huko, na siku ya kumi baada ya kufika, binti yao wa miaka miwili akashikwa na homa. Mumewe alikuwa kazini. Mama akambeba mtoto saa 10 jioni mpaka kwenye duka lenye taa ya msalaba wa kijani, alama ya famasia Italia, akasema neno pekee alilokuwa nalo: “Febbre.”

Mfamasia akamtazama mtoto, akauliza, “Quanto pesa?”

Mama akafungua pochi. Alidhani anaulizwa ana pesa ngapi. Akatoa noti ya euro 20, akaiweka juu ya kaunta. Mfamasia akarudia swali, mama akaongeza noti nyingine. Mwishowe akaoneshea kidole kisanduku chenye picha ya mtoto, akalipa, akaondoka.

“Nilicheka baadaye,” anaandika, “lakini siku ile sikucheka.”

Neno *pesa* kwa Kiitaliano linatokana na kitenzi cha kupima uzito. “Quanto pesa?” maana yake ni “Ana uzito gani?” Hilo ndilo swali kubwa kuliko yote kwenye kaunta ile, kwa sababu dawa ya homa ya mtoto hupimwa kwa kilo zake. Mama yule alirudi nyumbani bila kulijibu, na dawa aliyopewa haikuwa ile aliyoizoea.

Alichonunua kilikuwa parasetamoli ya matone. Sharubati ya parasetamoli inayouzwa Italia kwa kawaida ina miligramu 120 katika kila mililita 5, sawa na ile iliyozoeleka kwetu. Lakini matone yana miligramu 100 katika kila mililita moja. Chupa zote mbili ni ndogo, na zote mbili zina picha ya mtoto.

Tufanye hesabu ya binti huyu. Ana kilo 12. Ukimpa miligramu 10 kwa kila kilo, anahitaji miligramu 120 kwa mara moja. Kwa sharubati hiyo ni mililita 5, yaani kijiko kimoja cha dawa. Kwa matone ni mililita 1.2 tu. Mama alikuwa na kijiko mkononi tayari. Kama angekijaza matone, mtoto angemeza miligramu 500, kiasi cha kidonge kizima cha mtu mzima, na baada ya saa sita angepewa tena. Parasetamoli ikizidi namna hiyo na kurudiwa huumiza ini, na ubaya wake ni kwamba siku ya kwanza mtoto anaweza kuonekana hana shida yoyote. Kilichomsimamisha ni kwamba chupa ilikuja na kidude cha kudondoshea. Akajiuliza kwa nini sharubati iwe na kidude, akaamua kumngoja mumewe.

Haya, tuyarudie mazungumzo yale kama yangepaswa kuwa. Kwenye mabano nimeandika matamshi kwa herufi zetu.

Kiitaliano hakimsumbui sana Mswahili, maana irabu ni zilezile tano. Kinachotatiza ni kwamba “chi” yao husomwa “ki”, na “ci” yao husomwa “chi”, kinyume kabisa na sisi. Herufi “h” haitamkwi. Na herufi zikiandikwa mbili, zikazie kweli. “Anni” ni miaka. Ukiitamka kwa “n” moja umetaja sehemu ya haja kubwa. Mfamasia atakuelewa tu, ila mliopanga foleni nao watatabasamu.

Anza kwa salamu, kama unavyofanya nyumbani. Mfamasia wa Italia huitwa daktari, na si kwa kumpamba:

— *Buonasera, dottoressa. Mia figlia ha la febbre.* (Bwonasera, dottoressa. Mia filya a la febbre.) Habari za jioni, daktari. Binti yangu ana homa. Mfamasia akiwa mwanamume, sema *dottore*. Mtoto akiwa wa kiume, *mio figlio* (mio filyo).

— *Quanti anni ha?* Ana miaka mingapi?

— *Ha due anni.* (A due anni.) Ana miaka miwili.

— *Quanto pesa?* Ana uzito gani?

— *Pesa dodici chili.* (Pesa dodichi kili.) Ana kilo kumi na mbili.

Kama huna uhakika wa uzito, usibahatishe. Sema *Non lo so* (non lo so), sijui, kisha uliza kama wana mizani: *Avete una bilancia?* (Avete una bilancha?). Famasia nyingi zinayo.

— *Da quanto tempo ha la febbre?* Ana homa tangu lini?

— *Da ieri sera. Trentotto e nove.* (Da yeri sera. Trentotto e nove.) Tangu jana jioni. Ni 38.9.

Hapo mfamasia atauliza dalili nyingine: *Ha altri sintomi?* Jibu kwa vipande vifupi. *Ha la tosse* ni ana kikohozi. *Vomita*, anatapika. *Ha la diarrea*, anaharisha. *Beve*, anakunywa, *non beve*, hataki kunywa. Kikohozi watakitaka kwa undani: *tosse secca* (tosse sekka) ni kikavu, *tosse grassa* ni chenye makohozi. Pakiuma, gusa mahali penyewe na useme *Le fa male qui* (le fa male kwi), anaumia hapa. Kwa mtoto wa kiume ni *Gli fa male qui* (lyi fa male kwi). Jambo lingine watakalouliza ni mzio, *allergie*, na dawa alizokwisha kumeza, *altre medicine*. Kwa hili la pili usione haya. Kama ulimpa Panadol uliyotoka nayo nyumbani, itaje kwa jina la kemikali, *paracetamolo* (parachetamolo), na useme ni saa ngapi ulimpa. Waitaliano wengi huiita Tachipirina, jina la dawa yao ya siku nyingi. Wanaoyajua majina tofauti wakidhani ni dawa tofauti hujikuta wamempa mtoto dawa ileile mara mbili.

Sasa omba kwa kutaja umbo la dawa:

— *Vorrei il paracetamolo in sciroppo, non in gocce.* (Vorrei il parachetamolo in shiroppo, non in gocche.) Ningependa parasetamoli ya sharubati, si ya matone.

Akikupa *supposte*, hizo ni za kuweka njia ya haja kubwa. Si za kumeza. Huko hutumika sana kwa watoto wanaotapika, na si jambo la kushangaza.

Usiondoke kaunta kabla ya maswali mawili: *Quanti millilitri?* mililita ngapi, na *Ogni quante ore?* (Onyi kwante ore?) kila baada ya saa ngapi. Kisha sentensi ambayo mimi naithamini kuliko zote: *Può scriverlo, per favore?* (Pwo skriverlo, per favore?) Unaweza kuandika, tafadhali? Wafamasia wamezoea kuandika dozi juu ya kisanduku kwa kalamu. Ila ujue kwamba Waitaliano huandika mkato pale sisi tunapoweka nukta. Akiandika 2,5 ml ni mbili na nusu, si ishirini na tano.

Jambo la saa nalo linatuhusu sisi hasa. Waitaliano huanza kuhesabu saa usiku wa manane. Kama mtoto amepewa dawa saa 10 jioni, mfamasia atasema dozi ijayo ni *alle dieci* (alle diechi) au *alle ventidue*. Sikio la Kiswahili litasikia “saa kumi” na kungoja hadi alfajiri, wakati mtoto anachemka. *Alle dieci* ya jioni ni saa 4 usiku yetu. Andika mwenyewe kwa saa yako palepale kaunta.

Mpaka hapa tumeshughulikia homa. Sasa niseme kilichonisumbua kuliko vyote katika barua ile. Mtoto alikuwa na siku kumi tu tangu atoke Tanzania, na hakuna aliyemwambia mfamasia. Kwetu mwenye duka la dawa akisikia homa huwaza malaria kabla hujamaliza sentensi. Italia malaria haiambukizwi kwa kawaida tangu miaka mingi. Shirika la Afya Duniani liliitangaza nchi hiyo kuwa huru na ugonjwa huo mwaka 1970. Mfamasia wa Roma akiona mtoto mwenye homa na kikohozi huwaza mafua. Hana sababu ya kuwaza mbu, isipokuwa wewe umpe:

— *Siamo arrivati dalla Tanzania dieci giorni fa. Può essere malaria?* (Siamo arrivati dalla Tandzania diechi jorni fa. Pwo essere malaria?) Tumefika kutoka Tanzania siku kumi zilizopita. Inaweza kuwa malaria?

Ukisema hivyo, hatakuuzia dawa ya malaria, na usimlazimishe. Atakuelekeza *pronto soccorso*, chumba cha dharura cha hospitali, ambako damu itapimwa. Nenda siku hiyohiyo, hata kama parasetamoli imeshusha homa, kwa sababu parasetamoli haiui vimelea. Malaria kali mara nyingi hujitokeza ndani ya mwezi mmoja baada ya kuondoka eneo lenye mbu, na wakati mwingine miezi mitatu. Kwa hiyo sentensi hii haina maana kwa wageni tu. Inamhusu hata mwenyeji wa Roma aliyerudi kutoka likizo Tanga.

Kuna watoto ambao hata bila safari hawapaswi kusimama kwenye foleni ya famasia: mchanga wa chini ya miezi mitatu mwenye joto la 38 au zaidi, anayepata degedege, anayepumua kwa shida, asiyeamka vizuri au mwenye shingo ngumu. Hapo ni kupiga 112 na kusema *Mia figlia respira male* (anapumua vibaya) au *Ha le convulsioni*.

Wasomaji wengi huuliza pia habari ya antibiotiki. Hupati bila *ricetta* (richetta), cheti cha daktari, na neno hilo hilo ndilo linalotumika kwa maelezo ya kupika chakula, kwa hiyo usishangae ukiliona kwenye kitabu cha mapishi. Usiku, famasia iliyofungwa huwa imebandika mlangoni ile ya zamu, *farmacia di turno*. Ya zamu ikihudumia kupitia kidirisha, inaweza kutoza ada ya ziada.

Na wakati wa kulipa ukiulizwa *tessera sanitaria*, ni kadi ya afya, ambayo namba yake huandikwa kwenye risiti kwa ajili ya nafuu ya kodi. Kama huna, sema *Non ce l'ho* (non che lo). Dawa isiyohitaji cheti utauziwa tu.

Mama wa Roma anasema mumewe aliporudi saa 2 usiku alisoma karatasi ya ndani ya kisanduku, wakampima mtoto, wakampa mililita 1.2. Kesho yake jirani aliposikia wametoka Tanzania aliwapeleka hospitali. Malaria haikuonekana. Lilikuwa sikio.