Jina moja, masomo sita

Kwenye meza ya muuza vitabu Kariakoo kulikuwa na vitabu vitatu vya mazoezi, rangi moja na mchoro mmoja: *Hisabati Nyepesi*, *Kiswahili Chepesi*, *Uraia Mwepesi*. Ni ndugu, lakini kila mmoja ana jina lake la ukoo. Jambo hilo lilinikaa kichwani hadi nikamtafuta mhariri mmoja mkongwe wa vitabu vya shule.

"Hapo sarufi ndiyo imewasaliti," akasema, akacheka. "Ukiweka sifa nyuma ya somo, ngeli inaikamata. Subiri uone Maarifa: *Mepesi*! Masomo sita ya darasa la saba, maumbo manne."

Njia ya kwanza, anasema, ni kutanguliza nomino yako mwenyewe: *Mazoezi ya Hisabati*, *Mazoezi ya Kiswahili*. Hiyo "ya" inafuata mazoezi, kwa hiyo haibadiliki. Ubaya wake unaonekana rafuni. Vitabu vyote vinaanza na maneno yaleyale, na mgongo wa kitabu chembamba hauna nafasi. Mtoto anasoma "Mazoezi ya" mara sita kabla hajaliona somo.

Njia anayoipenda ni kitenzi cha kuamrisha, kwa sababu hakiulizi ngeli. Yeye na wenzake walianza na *Rudia Hisabati*, *Rudia Kiswahili*. Fupi, safi. Wakawaonyesha wazazi.

"Mama mmoja akakirudisha kitabu mezani. Akaniambia, mwanangu harudii darasa, dada. Tukaelewa."

Wakahamia kwenye *Faulu*: *Faulu Hisabati*, *Faulu Kiingereza*, *Faulu Uraia na Maadili*. Herufi tano, kisha somo lenyewe. Darasa hawakulitia ndani ya jina; lilikaa kwenye mstari wa chini. Kwa mtaala mpya shule ya msingi inaelekea kuishia darasa la sita, na mstari wa chini hubadilishwa bila kuugusa mfululizo.

Kisha akanionyesha jalada lililomsumbua kuliko yote. "Hisabati" ina herufi nane. "Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi", ukihesabu na nafasi, inafika 33. Kanuni yake ni kupanga jina refu kwanza, kisha ukubwa wa herufi uliokubali hapo utumike kwenye vitabu vyote. Ukianza na Hisabati utapata herufi nene za kupendeza, halafu Maarifa itabanwa ionekane ya kampuni nyingine. Lakini ukifuata kanuni hiyo, Hisabati inabaki ndogo katikati ya jalada tupu.

Kwa nini basi wasiandike *Faulu Maarifa* tu?

"Mtoto akiingia kwenye mtihani, karatasi itaandikwa jina zima," akajibu. "Na mwalimu akiagiza vitabu, anaagiza kwa jina lipi? Mimi nilitaka fupi, watu wa mauzo wakataka refu. Wewe ungechagua lipi?"